Mpangilio wa skrini: maharage kwa mkaa na kwa presha kuka ya umeme

Kwa mhariri. Video ina dakika 3 na sekunde 5, ukubwa 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Mkaa unakaa kushoto na presha kuka kulia tangu mwanzo hadi mwisho. Usibadilishe pande, hata pale picha itakapoonekana nzuri zaidi ukizigeuza.

0:00–0:12. Skrini nzima. Mizani mezani, nusu kilo ya maharage yasiyolowekwa, kisha nusu kilo nyingine kutoka mfuko uleule. Msimulizi: "Serikali ya Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Leo tunaangalia jambo moja tu: chungu kipi kinaivisha kwanza, na kwa gharama ya nini."

0:12–0:40. Skrini inagawanyika katikati, kila nusu 960 kwa 1080, mstari mweupe mwembamba kati yake. Kushoto: mkaa unamiminwa jikoni, sufuria inajazwa maji. Kulia: maharage na maji ndani ya presha kuka, mfuniko unafungwa. Kata picha ili chungu kiwe katikati ya nusu yake. Wengi wataangalia kwenye simu.

0:40. Saa mbili zinaanza pamoja, moja juu ya kila nusu: kiberiti kinawashwa kushoto, swichi inabonyezwa kulia. Muda wa kukoleza moto unahesabiwa, kwa sababu mpishi anautumia kweli. Kuanzia hapa nusu zote mbili zinaharakishwa mara 120, yaani dakika moja ya jikoni ni nusu sekunde kwenye video. Nakuomba sana hapa: usiharakishe upande mmoja zaidi ya mwingine, wala usiruke kipande cha mkaa kwa kuwa ni kirefu. Huo urefu ndio tunaoupima.

0:48 (saa 00:16). Kulia, kipini cha mfuniko kinapanda: presha imejaa. Mtazamaji hana cha kuona tena upande huo, chungu kimefungwa. Kwa hiyo weka kidirisha cha 384 kwa 216 kwenye pembe ya chini kulia, kikionyesha mchoro wa chungu kilichokatwa ubavuni. Msimulizi: "Hapa Dar es Salaam maji kwenye sufuria ya kawaida yanachemka karibu nyuzi 100. Mvuke ukibanwa, yanafika zaidi ya 110, ndiyo maana maharage hulainika upesi." Kidirisha kinatoka 0:58. Kushoto, maji yanaanza kuchemka 0:55 (saa 00:30). Yaache yaonekane bila maandishi.

1:03 (saa 00:46). Kulia, mpishi anaanza kuachia mvuke. Sauti ya mvuke ichukue nafasi yote, sauti ya kushoto ishuke.

1:08 (saa 00:56). Mfuniko unafunguliwa, maharage yameiva. Saa ya kulia inasimama na kugeuka kijani. Shikilia picha hiyo hadi 1:12.

1:12. Nusu ya kulia inapungua kwa fremu 12 na kuwa kidirisha cha 480 kwa 270 juu kulia, pikseli 40 kutoka kingo. Ndani yake: maharage yaliyoiva na saa iliyosimama, 00:56. Mkaa unajaza skrini nzima, saa yake ikiendelea. Kidirisha kisiondoke, maana bila hicho mtazamaji atasahau anasubiri kulinganisha na nini.

Mkaa umeshaongezwa 1:10 (saa 01:00), bado ukiwa kwenye nusu yake. Maji ya moto yanaongezwa 1:18 (saa 01:16). Ingiza picha ya karibu ya kikombe kikimimina, kisha rudi.

1:50 (saa 02:20). Saa ya mkaa inasimama. Kidirisha kinapanuka na kurudi nusu ya kulia. Mwendo wa kawaida kuanzia hapa.

1:52–2:10. Picha za karibu: vijiko viwili vinabonyeza punje, zote zinapondeka.

2:10–2:40. Kushoto, mizani: mkaa uliotumika gramu 800. Kulia, kipimo cha plagi: uniti 0.4. Usiandike shilingi. Bei ya mkaa hutofautiana mtaa na mtaa, na mtazamaji anaijua ya kwake.

2:40–3:05. Skrini nzima, mpishi anaongea: "Mchuzi wa mkaa umekuwa mzito zaidi, nimekuwa nikikoroga. Ule wa presha inabidi niuache wazi uchemke kidogo upungue." Usiikate kauli hii, ni haki ya mkaa. Kidirisha chini kushoto, 2:50–2:58: matako ya vyungu viwili, kimoja cheusi kwa masizi.

Nakala ya simu, 1080 kwa 1920: mkaa juu, presha chini, kila paneli 1080 kwa 960. Nyakati zote zilezile. Pale 1:12 presha iwe kidirisha juu kulia, isibaki chini. Sehemu ya chini hufunikwa na maandishi ya programu.