Barua ya mpangaji: ombi la kurekebishiwa njia ya kupakulia mizigo na kuongezewa muda wa kazi ghalani

Pongwe, Tanga
14 Juni 2025

Kwa Mama Rukia,
Mwenye maghala, Pongwe.

Yah: GETI, UWANJA WA KUPAKULIA NA SAA ZA KAZI, GHALA LA NYUMA

Shikamoo Mama. Natumaini Idi mmeila salama na wajukuu.

Nakuandikia kwa sababu mambo haya tumeyagusa mara mbili kwa simu, na ya simu husahaulika. Huu ni mwaka wa tatu niko kwako, kodi sijawahi kuichelewesha, na sina nia ya kuhama. Lakini ghala lilivyo sasa linanila faida yote.

Kubwa ni geti. Upana wake ni mita 3 na kidogo, na njia inayoingia inakata kona pale pale penye nguzo ya ukuta. Fuso inapita kwa shida. Semi haipiti kabisa. Lori la mahindi kutoka Handeni likija na tani 28, linasimama nje kando ya barabara nasi tunafaulisha kwa kenta. Kenta inabeba tani 4, kwa hiyo ni safari 7, kila safari shilingi 30,000. Makuli nao nawalipa shilingi 1,000 kwa gunia mara mbili, kushusha kwenye lori na kushusha tena ghalani, na magunia ni 280. Ukijumlisha, lori moja linanigharimu shilingi 490,000 zaidi ya ambazo ningelipa kama lingeingia ndani. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kodi yako ya mwezi, Mama, na inaishia barabarani bila wewe wala mimi kuipata.

Uwanja nao ni udongo mtupu. Masika iliyopita kenta ilizama mpaka ekseli mvua ikinyesha, turubai likachanika, na magunia 11 ya iliki ya Amani yakalowa. Iliki ikishalowa huota ukungu na harufu hupotea, mnunuzi haiangalii mara ya pili. Hasara ile niliibeba mwenyewe na sikuidai kwako. Nimeitaja ili uone hali ilivyo.

Naomba geti lipanuliwe lifike mita 5, nguzo ile isogezwe, uwanja umwagwe kifusi na moramu na kushindiliwa, na mbele ya mlango wa ghala lijengwe jukwaa la zege la kimo cha bodi ya lori, kama mita 1.2. Fundi niliyemleta amekadiria shilingi 6,800,000 kwa kazi yote. Niko tayari kutoa nusu yake sasa hivi, bila kuikata kwenye kodi, na jukwaa libaki mali yako hata nikiondoka. Kibali cha Jiji nitakifuatilia mwenyewe kwa jina lako, na kwa kuwa geti linatokea kwenye njia ya mtaa, TARURA pia nitawaona kabla ya kugusa kitu.

La pili ni saa. Mkataba unasema tufungue saa 2 asubuhi na kufunga saa 11 jioni. Malori ya Handeni na Kilindi hupakia mchana na kufika hapa jioni, tumeshafunga. Dereva analala nje na mzigo, mwenye lori ananidai shilingi 150,000 za kulala, nami silali kwa hofu ya wezi. Naomba tufanye kazi saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili ibaki kama ilivyo.

Najua ulivyoweka saa zile ulikuwa unawafikiria majirani, hasa chuo kilichopakana na ukuta wetu, na ulikuwa na haki. Kwa hiyo kuanzia adhana ya magharibi mpaka watu watoke isha, kazi itasimama na injini zitazimwa. Ijumaa mchana hivyo hivyo. Honi marufuku wakati wote. Mwalimu wa chuo nimeshamwona, akasema kwake hakuna neno ikiwa watoto watasoma kwa utulivu. Mlinzi wa pili wa usiku na taa mbili za uani nitalipia mimi. Kama baada ya miezi mitatu jirani yeyote atakuja kwako na malalamiko ya kweli, turudi kwenye saa za zamani, na hilo liandikwe kwenye nyongeza ya mkataba.

Mahindi mapya yanaanza kushuka Julai, ndiyo maana nakuharakisha. Kama geti haliwezekani kabla ya hapo, basi naomba walau saa, halafu ujenzi ufuate.

Jumatano ijayo nategemea lori lingine. Ukiweza kufika alasiri, au umtume mwanao, mtaona wenyewe linavyofaulishwa. Makadirio ya fundi nimeambatisha.

Wako mtiifu,

Baba Shabani
Mpangaji, ghala la nyuma