Jaribio la Uwezekano: Kidato cha Tatu

Dakika 40. Alama 20. Jibu maswali yote na uonyeshe hatua zako. Majibu yaandikwe kwa sehemu, si desimali.

1. Dadu ya haki yenye nyuso 6 inarushwa mara moja. Tafuta uwezekano wa kupata namba tasa. (Kumbuka 1 si tasa.) (alama 2)

2. Karibu na stendi ya mabasi Kisumu, kijana ameweka meza. Unamlipa shilingi 20, kisha unarusha dadu mbili za haki. Jumla ikiwa 7 anakupa shilingi 100. Isipokuwa 7, pesa zako zimekwenda.

(a) Chora jedwali la matokeo yote 36. (alama 3)

(b) Uwezekano wa kupata jumla ya 7 ni upi? (alama 1)

(c) Mtu akicheza mara 180, anatarajiwa kupata faida au hasara ya shilingi ngapi? (alama 4)

(d) Mteja ameshindwa mara tano mfululizo. Anasema, "Ya sita lazima iwe yangu." Je, uwezekano wake umepanda? Ninasahihisha sababu, "hapana" tupu haina alama. (alama 3)

3. Kapu kutoka ufuo wa Dunga lina mbuta 5 na ngege 3, wote wa ukubwa mmoja (tuseme mbuta ni wachanga). Wawili wanatolewa bila kuchagua wala kurudishwa. Tafuta uwezekano kwamba ni wa aina moja. (alama 4)

4. Dadu imerushwa mara 600, na 6 ikatokea mara 172. Ungekubali kuichezea? Tumia idadi inayotarajiwa kujitetea. (alama 3)