Kwa wateja wetu wote: sukari imepungua, na hivi ndivyo tutakavyogawana iliyopo

Morogoro, Jumapili 28 Januari 2024

Habari za jioni, wateja wetu.

Wiki nzima swali kaunta ni moja tu: "Sukari ipo?" Na tukisema haipo, mtu anachungulia nyuma ya mifuko ya unga. Hatumlaumu.

Sukari haijaadimika kwetu peke yetu, wala si ya kiwanda kimoja. Ya Kilombero, ya Mtibwa, ya TPC, nyeupe, ya brauni, ya pakiti, ya kupima: zote zimekuwa shida kwa pamoja. Tumezoea lebo moja ikikatika mnahamia nyingine. Safari hii pa kuhamia hakuna.

Wengi mnauliza inakuwaje sukari ikosekane Morogoro, miwa tunaiona barabarani. Jibu liko shambani. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka jana zimejaza maji mashambani. Trekta na malori yanazama, miwa haivuniki. Hata inayofika kiwandani imejaa maji na utamu umepungua, kwa hiyo tani ile ile ya miwa inatoa sukari kidogo. Serikali imeruhusu sukari iagizwe nje, lakini mpaka meli ishushe na mzigo utufikie, hatuwezi kuwaahidi tarehe.

Tulichonacho: Jumatatu tunapokea mifuko 60 ya kilo 50, yaani kilo 3,000. Kwa kawaida hiyo inaisha kwa siku moja na nusu. Sasa ni ya wiki nzima.

Wa kwanza ni waliokwisha kulipa. Tuna mifuko 11 iliyolipiwa kabla ya uhaba kuanza, na hiyo itatoka kwa bei iliyo kwenye risiti, hata kama leo ni hasara kwetu. Waliolipa hawataingia kwenye mgao mwingine wiki hii.

Zinabaki kilo 2,450. Wenye maduka ya rejareja 54 walio kwenye daftari letu watapata kilo 25 kila mmoja. Mama lishe na wapika maandazi, jumla 30, watapata kilo 15 kila mmoja. Kilo 500 ni za wanaonunua kwa ajili ya nyumbani, kilo moja kwa mtu. Kilo 150 za mwisho tunaziweka kwa ajili ya misiba na mifuko itakayofika imechanika. Mwenye msiba aje na mjumbe wake, hatutamuuliza maswali mengi.

Tunajua mgao huu utawauma wateja wakubwa. Mtu aliyezoea kuchukua mifuko kumi kwa wiki, leo anapewa nusu mfuko sawa na mwenye kibanda. Tulipiga hesabu ya kugawa kwa kufuata manunuzi ya nyuma, tukakuta wateja wanane wangeondoka na zaidi ya nusu ya mzigo. Mitaa mingine ingekunywa chai ya chumvi. Wakubwa mtusamehe, mzigo ukirejea, nanyi mtarudi kwenye viwango vyenu.

Bei: mfuko wa kilo 25 ni shilingi 69,000. Kilo moja kaunta ni 2,900. Bodi ya Sukari imetangaza bei elekezi ya rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo, kutegemea mkoa, nasi hatutaivuka. Anayechukua kwetu kwa bei hii akaenda kuuza 4,500, tukithibitisha, wiki inayofuata nafasi yake anapewa mwingine. Na hakuna kulazimishwa kununua unga au mafuta ndipo upewe sukari. Kijana wetu yeyote akikwambia hivyo, mwite mwenye duka pale pale.

Kuchukua ni Jumanne tarehe 30 hadi Alhamisi, saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Fungu lako limeandikwa jina, kwa hiyo huna haja ya kuja alfajiri kupanga foleni. Ukishindwa kuja, mtume mtu na risiti yako yoyote ya zamani. Ambayo haijachukuliwa ikifika Alhamisi saa 10, Ijumaa tunawapa wasiokuwemo kwenye daftari, kwa kufuata walivyojiandikisha.

Kuhusu kilo moja moja: Ijumaa iliyopita mtu alituma watoto wanne, kila mmoja na kimfuko chake na noti iliyokunjwa sawasawa. Tulicheka, tukawapimia. Safari hii tutauliza mnatoka nyumba gani.

Mizani itakuwa nje, barazani. Kila mfuko utapimwa ukiona. Ukipungua hata robo, usiondoke nao.

Jumapili ijayo jioni tutawatumia hesabu: kilo zilizoingia, zilizotoka, na zilizobaki. Orodha ya mgao nayo itabandikwa mlangoni kuanzia kesho mchana. Jina lako likikosekana na wewe ni mteja wetu wa daftari, piga simu ya duka kabla ya Jumanne asubuhi.

Mwenye duka na wenzake wa kaunta