Ratiba ya wiki mbili: Takwimu na Uchumi Jumla, 22 Juni hadi 5 Julai

Mtihani wa Takwimu ni Jumatatu tarehe 6 Julai, wa Uchumi Jumla Jumatano tarehe 8.

Alfajiri saa 11 hadi 1: takwimu tu, kichwa kikiwa kipya. Usiku saa 2 hadi 4: uchumi.

22–25 Juni: uwezekano na mgawanyo wa kawaida; usiku pato la taifa, Y = C + I + G + (X − M).

26–30 Juni: hapa ndipo nisiparukie. Makadirio kwa mkono: wastani 52, mkengeuko sanifu 8, sampuli 64. Kosa sanifu 8/√64 = 1, kwa hiyo asilimia 95 ni 52 ± 1.96. Kisha regresheni ya matumizi kwa kipato: mteremko wake ndio MPC yenyewe, yaani sehemu ya kila shilingi ya ziada inayotumiwa! Ukiwa 0.8, kizidishi ni 1/(1 − 0.8) = 5. Swali moja, masomo mawili.

1–3 Julai: mfumuko wa bei, IS-LM, riba ya Benki Kuu.

4 Julai: mitihani ya nyuma kwa muda wa saa tatu kamili, simu nikimwachia dada.

5 Julai: fomula za takwimu, kulala saa 3 usiku. Tarehe 7 yote ni uchumi.