Kuh: Ombi la kufunguliwa aplikesheni ya benki baada ya kubadilisha simu

13 Machi 2025

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mteja wenu wa akaunti ya akiba inayoishia na 4417. Namba kamili siiandiki humu. Mtaipata kupitia barua pepe hii, ambayo ndiyo niliyoisajili kwenu.

Jumamosi tarehe 8 simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji na kioo kikazima. Jumatatu nikanunua nyingine, nikahamishia laini yangu ile ile (sijairudisha wala kubadilisha namba), kisha nikapakua aplikesheni upya. Nilipoingiza namba ya siri ikaniandikia: "Kifaa hiki hakijasajiliwa." Nikabonyeza kusajili. Meseji ya namba ya uthibitisho ikachelewa, nikaomba nyingine, kisha ya kwanza ndiyo ikaingia. Nikaiandika, kumbe ilishafutwa na ile ya pili. Nilirudia kosa hilo hilo mara tatu, kwa haraka zangu, na aplikesheni ikajifunga kabisa.

Nilipiga simu kwenu Jumanne, nikaambiwa niende tawini na kitambulisho. Jana nimekwenda, nimekaa foleni, na dirishani nikajibiwa, "Dada, hilo ni la huduma kwa wateja, sisi hapa hatuna uwezo nalo." Ndiyo maana naandika, ili safari hii jibu liwe kwa maandishi.

Naomba kwanza mkiondoe kifaa cha zamani kwenye akaunti yangu. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko lile la kufungiwa: simu ile iko kwa fundi, na aplikesheni bado imo ndani. Siku kioo kikiwaka, sitaki iwe bado inatambulika kwenu kama simu yangu. Kikishaondolewa, nifungulieni aplikesheni ili nisajili simu mpya, na mniambie kama kuna muamala wowote uliofanyika kwa aplikesheni tangu Jumamosi mchana. Kwa upande wangu hakuna hata mmoja.

Kadi yangu inafanya kazi, msiifunge tafadhali. Nimewahi kuomba jambo dogo nikafungiwa kila kitu.

Kwa uhakiki, nipigieni kwenye namba yangu iliyosajiliwa, wakati wowote baada ya saa tisa alasiri. Niulizeni tarehe ya kuzaliwa, tawi nilikofungulia akaunti, au kiasi nilichoweka mara ya mwisho, nitajibu. Namba ya siri na namba za uthibitisho sitazitaja kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki. Nakala ya kitambulisho changu nimeiambatisha, pamoja na picha ya ujumbe unaotokea kwenye kioo cha simu mpya.

Kama ni lazima nirudi tawini, sina neno, ila naomba mniandikie niende dirisha lipi na nibebe nini.

Wenu mteja,
Zuhura Omari