Taarifa kwa wateja: Taarifa zako zilizo kwenye duka letu zimeonwa na mtu asiyehusika

Dar es Salaam, 14 Machi 2026

Ndugu mteja,

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 10 Machi, mtu tusiyemjua aliingia kwenye mfumo wetu wa oda kwa nywila ya mfanyakazi wetu mmoja na kupakua orodha ya wateja. Tuligundua Alhamisi asubuhi, tukaifunga akaunti hiyo saa ileile. Unapata ujumbe huu kwa sababu jina lako limo kwenye orodha, pamoja na wateja wengine 2,140 walioagiza kuanzia Julai 2024.

Alichokipata ni jina lako, namba ya simu, barua pepe, maelekezo ya kukuletea mzigo, oda zako zote na namba za miamala ya malipo. Nywila yako ya dukani imo pia, ila imefichwa kwa hesabu ambayo ni kazi kuifungua. Kama ni fupi au rahisi, ichukulie kuwa imeshajulikana.

Namba ya siri ya pesa za simu hatunayo, wala hatujawahi kuwa nayo. Huwa unaiingiza kwenye simu yako mwenyewe. Kadi za benki na namba ya NIDA hatuzihifadhi.

Tunachohofia zaidi ni simu utakayopigiwa. Tapeli anayejua kuwa ulinunua doti tatu za khanga mwezi jana, na kwamba geti lako ni jeusi mkabala na msikiti, ataaminika upesi. Atasema yeye ni bodaboda wetu, mzigo umekwama, tuma elfu tano. Au atadai tunakurudishia pesa, umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Usitume, usisome, kata simu. Bodaboda wetu hadai hata shilingi kwa mzigo uliokwisha kulipiwa.

Leo hii badilisha nywila ya hapa, na popote ulipotumia hiyohiyo, ukianza na barua pepe. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe. Kama umeshatuma pesa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, kabla tapeli hajazitoa.

Kwa upande wetu, kila mfanyakazi sasa anaingia kwa nywila mpya na uthibitisho wa simu, na maelekezo ya nyumbani tutayafuta siku 30 baada ya mzigo kufika. Tumetoa taarifa polisi na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako nawe una haki ya kulalamika dhidi yetu.

Tunaomba radhi. Ukitaka kujua kilichovuja kwako hasa, au tufute akaunti yako, tupigie kwa namba iliyo kwenye risiti yako ya zamani. Namba mpya yoyote inayojiita sisi, usiiamini.

Mwenye duka,
Mtaa wa Kongo, Kariakoo