Ufafanuzi wa oda ya manunuzi namba 0147: bushi 1,500 za bronzi

Shikamoo Mzee,

Pole na kazi. Oda uliyotumiwa Ijumaa ina kurasa nne, na ukurasa wa tatu ndio wenye masharti yanayoweza kukuumiza kama hayakusomwa vizuri. Naomba uyasome haya kabla hujaweka sahihi, kwa sababu ukishasaini mimi mwenyewe sina uwezo wa kuyalegeza.

Nianze na tarehe. Bushi 5 za mfano zitufikie Jumatatu tarehe 9 Machi 2026. Usikereze za oda yenyewe mpaka upate barua yetu kwamba mfano umekubaliwa. Baada ya hapo kuna mafungu matatu ya bushi 500: tarehe 1 Aprili, 22 Aprili na 13 Mei. Tarehe hizo ni za mzigo kupokelewa stoo kwetu Chang'ombe kabla ya saa 10 jioni, si za kuondoka Dodoma. Mzigo uliolala Stendi ya Magufuli bado haujafika. Aprili ni masika na ina sikukuu kadhaa, kwa hiyo pakia siku mbili kabla.

Ukichelewa, inakatwa nusu asilimia ya thamani ya fungu kwa kila siku. Fungu moja ni shilingi 7,000,000, kwa hiyo ni shilingi 35,000 kwa siku, na makato hayazidi 700,000. Ukiona mapema kwamba utachelewa, andika angalau siku 5 kabla. Tukikubaliana tarehe mpya kwa maandishi, hukatwi. Kuniambia kwa simu tu hakutoshi, hata kama nimekuitikia.

Sasa vipimo, na hapa naomba utulie. Tundu la ndani liwe kati ya milimita 25.00 na 25.05. Kipenyo cha nje kiwe kati ya 32.03 na 32.05. Urefu ni 40, ukizidi au kupungua kwa 0.2 hakuna neno. Nje tumebana sana kwa sababu bushi inaingizwa kwa presi kwenye nyumba yake. Ikiwa nyembamba itazunguka humo ndani. Ikishabanwa, tundu nalo hupungua kidogo, ndiyo maana chini ya 25.00 shafti hukwama. Juu ya 25.05 shafti inacheza, na mashine ya kusaga inaanza kupiga kelele kabla mteja hajamaliza msimu.

Usipime bushi ikiwa bado ya moto kutoka kwenye mashine. Bronzi ikiwa na joto la nyuzi 40 zaidi ya kawaida, tundu la milimita 25 hutanuka karibu 0.018. Utasoma 25.01 ukafurahi, ikipoa ni 24.99, na sisi tunaipima ikiwa baridi. Iache ipoe kabisa, na tumia maikromita badala ya vena kwa kipimo cha nje. Kwa tundu, tutakutumia geji yetu pamoja na majibu ya mfano: upande mmoja lazima upite, wa pili usipite. Mwambie kijana wako alenge 25.02. Tundu dogo linaweza kurudishwa kwenye mashine likaongezwa. Likishakuwa kubwa, hiyo ni chuma chakavu na hasara ni yako.

Kuhusu kukataliwa: katika kila fungu tunachukua bushi 50 bila kuangalia, kisha tunazipima zote 50. Mbovu zikiwa 3 au pungufu, fungu linapokelewa na wewe unabadilisha hizo mbovu tu. Zikifika 4, fungu zima linakataliwa. Hapo una njia mbili: ulichukue kwa nauli yako, au uje uchambue moja moja stoo kwetu ndani ya siku 3 za kazi. Siku za kuchelewa zinaendelea kuhesabiwa wakati huo. Ufa wowote, hata kwenye bushi moja, au madini tofauti na yaliyoandikwa, hurudisha fungu zima bila kuhesabu.

Nasi tuna wajibu. Tukae siku 5 za kazi bila kukupa majibu ya ukaguzi, fungu linahesabika limekubaliwa. Tukikataa, lazima tukutumie vipimo vya kila bushi mbovu, na una haki ya kuja kuzipima mbele yetu kwa maikromita yako. Uitumie haki hiyo, Mzee. Siku 30 za malipo zinaanza siku fungu lilipokubaliwa, wala si siku lilipofika. Panga fedha za malighafi ukijua hivyo. Malipo ya awali ya asilimia 40 ya oda nzima yatatoka mara mfano ukipita.

Kipimo cha nje cha 32.03 hadi 32.05 ndicho ninachokihofia kwa mashine uliyo nayo. Kama unaona hutakiweza kwa bushi 500 mfululizo, sema sasa. Mhandisi wetu yuko tayari kuzungumza nawe Jumanne asubuhi, na bado tunaweza kuubadilisha mchoro kabla ya sahihi.

Wako mtiifu,
Ofisa Ununuzi